Ujumbe wa Miaka 18 Usigeuke Wosia

Ujumbe wa siku ya kuzaliwa kwa mtoto wa miaka 10 hauna taabu. Unamwambia unampenda, unamtakia afya, unaweka jina lako. Akifika miaka 18 mambo hubadilika. Mzazi anashika simu au kalamu, anaandika mistari miwili ya furaha, halafu mkono unaanza kuhubiri: jihadhari, kumbuka, usisahau, dunia imeharibika. Kijana anasoma mpaka katikati, anajibu "asante mama", na ujumbe unaishia hapo.

Nimesaidia ndugu na majirani wengi kuandika salamu za namna hii, na sababu naiona ni moja. Mzazi anahisi kwamba hii ndiyo nafasi yake ya mwisho ya kusema. Kesho mtoto atakuwa mtu mzima, hatasikia tena, basi yote yaliyobaki moyoni yamwagwe leo. Ujumbe wa pongezi unakuwa wosia.

Kwetu Waswahili wosia una heshima yake, na ndiyo maana mkono unaukimbilia. Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake maarufu mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima, akimfundisha namna ya kuishi na Mungu, na mume, na watu. Shaaban Robert naye aliwatungia wanawe: Utenzi wa Hati kwa binti yake Mwanjaa, na Utenzi wa Adili kwa mwanawe Suleiman. Tumekua tukiamini kwamba mzazi anayempenda mtoto humpa mafundisho. Lakini tazama hali ya Mwana Kupona alipotunga. Alikuwa mgonjwa, mumewe alikwisha fariki, na yeye mwenyewe alifariki miaka michache tu baadaye. Alikuwa mama anayeondoka. Siku ya miaka 18 anayeanza safari ni mtoto, mzazi bado yupo, na kesho yake watazungumza tena. Hakuna haja ya kusema kila kitu leo.

Ni vizuri kwanza kujua siku yenyewe inabadilisha nini, maana ujumbe mwingi unapwaya kwa sababu mwandishi hajui anapongeza jambo gani. Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Ibara ya 5 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa haki ya kupiga kura raia aliyefikisha umri huo. Kenya nayo, kwa Katiba ya mwaka 2010, humhesabu mtu mzima kuanzia miaka 18. Hakuna sheria hapo inayosema kijana amekomaa akili, wala kwamba amejua maisha. Kinachosemwa ni kwamba kuanzia leo maamuzi yake yanabeba jina lake mwenyewe. Akitia saini mkataba wa chumba, ni saini yake. Akikopa, deni ni lake.

Jambo hili linaonekana wazi zaidi kwenye kitambulisho cha taifa. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Aliyezaliwa tarehe 14 Juni 2007 namba yake inaanza na 20070614. Tarehe ambayo kwa miaka yote ilikuwa ya keki, au ya soda na biskuti, inakuwa mwanzo wa namba atakayoitumia kufungua akaunti benki na kusajili laini ya simu. Kabla ya hapo laini aliyokuwa akiitumia, kama alikuwa nayo, ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mzazi au mlezi. Hata pesa aliyotumiwa na mjomba wake ilikuwa, kwa maandishi, ndani ya laini ya mama.

Nitachukua mfano mmoja na kuufuata mpaka mwisho. Jirani yangu ni mama lishe. Anauza chai, chapati na maharage karibu na kituo cha daladala, na amelea watoto watatu peke yake. Mkubwa alitimiza miaka 18 mwezi Juni 2025, akiwa chuo cha ufundi mkoa mwingine akisomea umeme wa magari. Kijana huyu amebeba jina la babu yake mzaa mama, kwa hiyo tangu azaliwe mama yake humwita "baba". Wiki moja kabla ya siku yenyewe alinijia na simu mkononi akaniomba nimsomee alichoandika.

"Mwanangu, leo umetimiza miaka 18. Sasa wewe ni mtu mzima. Kumbuka ulikotoka. Usisahau shida nilizopitia kukulea peke yangu. Jiepushe na makundi mabaya, pombe na wasichana. Heshimu wakubwa, soma kwa bidii, mtangulize Mungu. Dunia si lelemama. Nategemea utaniinua mimi na wadogo zako. Hongera sana."

Hakuna neno baya hapo, na kila mzazi anayesoma atajiona humo. Lakini hebu tuupime. Nilimwomba ahesabu sehemu zote anazomwamuru mtoto. Kumbuka, usisahau, jiepushe, heshimu, soma, mtangulize: amri sita katika ujumbe wa mistari michache. Hii ndiyo njia rahisi ninayoijua ya kutambua mahubiri. Piga mstari chini ya kila kitenzi cha kuamuru au kukataza. Ikizidi amri moja, ujumbe umeanza kuhubiri, hata kama sauti yako moyoni ni ya upole. Msomaji hasikii sauti yako, anaona amri.

Kuna jambo la pili ambalo ni zito kuliko amri, nalo ni deni. "Usisahau shida nilizopitia", halafu "nategemea utaniinua". Mama huyu kweli amepata shida, na kweli anatumaini mwanawe atamsaidia. Ni haki yake kuyasema. Ila yakiwekwa kwenye siku hii, kijana anaingia utu uzima akiwa tayari anadaiwa, na furaha yote iliyotangulia inasomeka kama ankara. Nimeona vijana wakiacha kupiga simu nyumbani kwa sababu kila mazungumzo yanaishia hapo. Mazungumzo ya nani atamlipia ada mdogo wake yana siku yake, na yakifanywa ana kwa ana, kwa hesabu zilizo wazi, kijana huyapokea vizuri zaidi.

La tatu ni hofu. Makundi, pombe, wasichana, dunia si lelemama. Mtu anayekutajia hatari nyingi hivyo siku unayokua anakwambia, bila kukusudia, kwamba hakuamini.

Mwishoni kabisa ndipo lilipokuja neno hongera, na halikusema hongera kwa lipi.

Mama alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Sasa dada, nikitoa maonyo yote, nabaki na nini?"

Ni swali la haki. Jibu ni kwamba unabaki na yale ambayo wewe peke yako unaweza kuyasema. Maonyo ya pombe atayapata kwa mwalimu, kwa shehe, kwa padri na kwenye redio. Lakini hakuna mwalimu aliyemwona akiwa na miaka 9, wala akiwa na miaka 16 siku mambo yalipokuwa magumu nyumbani. Fahari ya mzazi haina budi kuwa na ushahidi. Ukimwandikia "najivunia wewe" bila kusema kwa sababu gani, umemwandikia maneno ambayo yangeweza kwenda kwa kijana yeyote mtaani. Ukimtajia tendo moja, na siku yake, na mahali pake, anajua kwamba ulikuwa ukimtazama.

Uchague tendo la namna gani? Matokeo ya mtihani ni rahisi kuyakumbuka lakini hayafai sana, kwa sababu cheti tayari kimeyasema. Utii nao haufai, maana unasifia mtoto mdogo, si mtu mzima. Tafuta jambo alilolifanya bila kutumwa, ambalo lilionyesha kwamba anaweza kupima mwenyewe na kuamua. Hilo ndilo linalofanana na siku ya miaka 18.

Nilipomwuliza, mama alianza na lile ambalo mtaa mzima unalijua. Mwaka 2023 alifanyiwa upasuaji, na kijana akawa anaamka saa kumi alfajiri, anasukuma chapati, anawapelekea wateja wa asubuhi, halafu anakwenda shule. Ni jambo kubwa. Lakini alipoendelea kusimulia akataja daftari la madeni, lile la kurasa za mistari lenye majina ya wateja wanaokula kwa mkopo. Aliporudi kutoka hospitali alilifungua akitarajia kukuta fujo. Akakuta kila jina limeandikwa na tarehe yake. Kwenye ukurasa wa mama muuza mkaa, ambaye mtoto wake alikuwa amelazwa, kijana alikuwa ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Asidaiwe mpaka mtoto atoke."

"Ulimwambia kwamba uliliona?" nikamwuliza.

Hakuwahi kumwambia. Alikaa nalo miaka miwili. Hapo ujumbe ulikuwa umepatikana, kazi iliyobaki ilikuwa ni kuuandika.

Upande wa matumaini nao una mtego wake. Tumezoea kutumaini kwa kuagiza: nataka uwe daktari, nataka nikuone na nyumba. Kwa mabinti huwa ni ndoa, na mashangazi huandika bila kuona tatizo kwamba sasa tunasubiri posa. Ikumbukwe tumetoka mbali katika hili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, Rebeca Gyumi akafungua kesi, Mahakama Kuu ikatamka mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Miaka 18 ilipiganiwa mahakamani ili binti apate muda wa kuamua. Kumwandikia posa siku hiyohiyo ni kumpunguzia muda huo. Akitaka kuolewa atasema.

Tumaini lisiloagiza huachia nafasi. Linasema ninachokitamani kwa ajili yako, si ninachokutaka ukifanye. Kumtakia mtu akutane na watu wema, apate kazi itakayomfurahisha, awe na afya, ni matumaini ambayo hayamfungi. Njia nyingine ni kurudi kwenye tendo ulilolisifia na kulifanya tumaini: ulivyowatendea wengine, nawe utendewe. Hapo ujumbe mzima unashikana.

Sehemu ya mwisho ndiyo watu wengi huisahau, na kwangu ndiyo inayotofautisha ujumbe wa miaka 18 na wa miaka 17. Mzazi aseme yeye mwenyewe atabadilika nini. Tunamwambia mtoto "sasa wewe ni mtu mzima" halafu tunaendelea kuingia chumbani kwake bila hodi, kumsomea simu na kumtunzia pesa bila yeye kujua zimebaki ngapi. Kijana anaona. Ahadi moja ndogo inayotekelezeka humthibitishia utu uzima kuliko sentensi kumi za kuutaja. Kwa mama lishe ahadi ilikuwa dhahiri: laini ya simu ya kijana ilikuwa kwa jina lake yeye mama.

Basi tukaandika upya, mara tatu au nne, yeye akisema na mimi nikiandika, kisha yeye akifuta. Ujumbe uliokwenda ni huu, nimeunukuu kwa ruhusa yake:

"Baba, leo umetimiza miaka 18. Nina furaha na nimeona niiandike ili ibaki.

Mwaka 2023 nilipokuwa hospitali uliamka saa kumi ukasukuma chapati mpaka niliporudi. Hilo nilikushukuru. Lakini kuna jambo sijakwambia. Niliona kwenye daftari ulivyoandika kwa mama muuza mkaa, asidaiwe mpaka mtoto atoke. Hakuna aliyekutuma. Siku ile nilijua humu ndani nina mtu.

Sijui utaishia kwenye umeme wa magari au kwingine, na najua hata wewe bado unatafuta. Sina wasiwasi. Natamani tu, popote utakapokuwa, ukutane na watu watakaokuwa kwako kama ulivyokuwa kwa mama yule.

Ukipata namba yako ya NIDA twende tukaihamishie laini kwenye jina lako. Pesa zako zikae kwako, nami nitashauri ukiniuliza. Na siku ukikwama, nyumbani ni palepale.

Mungu akuzidishie. Hongera kwa kukua, baba yangu. Mama yako."

Tazama kilichotokea kwa zile amri sita. Imebaki moja tu, "twende tukaihamishie", nayo ni mwaliko wa kwenda pamoja. Mungu bado yumo, lakini kama dua, si kama onyo. Shida aliyoipata mama imetajwa kwa neno moja tu, hospitali, na kijana anajua yote yaliyomo ndani ya neno hilo. Sentensi ya "siku ukikwama" ilinifanya nisite, kwa sababu inaweza kusikika kama mzazi anatarajia mtoto aanguke. Mama alikataa kuitoa. Alisema vijana wengi wanaopotea mjini hupotea kwa sababu ya aibu ya kurudi. Nadhani alikuwa sahihi.

Si kila nyumba ina daftari la namna hiyo. Wako wazazi ambao kijana wao amewasumbua miaka mitatu mfululizo, ameacha shule, hawasemezani. Kwa hao ningeshauri wasitafute sifa kubwa, kwa sababu kijana atajua ni ya uongo na itamkera zaidi ya kimya. Taja dogo lililo la kweli: anavyombeba mdogo wake mabegani, alivyokwenda kumzika rafiki yake na kubaki mpaka mwisho. Ujumbe wa mistari mitatu unatosha. Na baba aliyeishi mbali asijipe sifa ya malezi ambayo hakuyafanya. Aseme alichokiona kwa macho yake, hata kama ni siku moja tu, na aseme kwamba angependa kumfahamu zaidi. Zipo pia familia ambazo kwa imani yao hazisherehekei siku ya kuzaliwa. Fahari na dua haviitaji keki, na ujumbe unaweza kwenda siku anayochukua kitambulisho.

Yamebaki mambo ya kutuma, ambayo huharibu hata ujumbe mzuri. La kwanza ni kundi la ukoo. Ujumbe kama ule wa mama lishe ukiwekwa mbele ya watu 60 kwenye simu, kijana anaanza kujibu watu 60, na jambo la siri la daftari linakuwa tangazo. Kwenye kundi weka picha na pongezi fupi, na huu wa moyoni upeleke kwake peke yake. La pili ni pesa. Ukituma zawadi kwa simu, itume saa nyingine. Zikifika pamoja, jicho linakwenda kwenye kiasi. La tatu ni sauti au maandishi. Sauti ya mzazi ina joto lake, na kwa mzazi asiyezoea kuandika ni njia nzuri, lakini ujumbe wa sauti hupotea simu ikiibiwa au ikijaa. Kwa siku hii mimi hupendelea karatasi. Aliye bweni, ambako simu haziruhusiwi, karatasi ndiyo njia pekee, na huwafikia wengi ikiwa imewekwa ndani ya daftari jipya au nguo.

Na yale maonyo? Yasitupwe. Hofu ya mzazi huwa na sababu, na kijana wa miaka 18 bado anahitaji kuambiwa habari za mikopo ya mtandaoni, za mikataba isiyosomwa na za magonjwa. Yaandike kwenye karatasi nyingine uiweke. Yatolewe moja moja, siku jambo lenyewe linapotokea, mnapokula au mnapotembea, na umwulize naye anaonaje.

Kama nyumbani kwako kuna kijana anayefikisha miaka 18 mwaka huu, anza sasa, usingoje usiku wa kuamkia siku yenyewe. Tafuta lile jambo moja uliloliona na hukuwahi kumwambia, umwandikie.